Njiwa wa Butembo na Beni: Kwa nini mkia husema kweli kuliko shingo

Katika miji ya Butembo na Beni, mkoani Kivu Kaskazini, ni vigumu kupata ndege aliye rahisi kupigwa picha kuliko njiwa. Hukaa juu ya waya wa umeme, hutembea ukingoni mwa paa la bati, hushuka kuokota punje palipoanikwa mahindi, na mara nyingi humpa mwenye simu muda wa kutosha kufungua kamera. Ugumu huanza baadaye, pale picha inapotakiwa kupewa jina.

Wengi humwita kila ndege wa aina hiyo njiwa, na mambo huishia hapo. Lakini mtu anayetaka kuiweka picha yake katika kumbukumbu za ndege za mtandaoni, kama eBird au iNaturalist, hutakiwa kusema ni njiwa yupi. Hapo macho ya wengi hukimbilia shingoni, kwenye ile alama nyeusi inayofanana na kola ya shati. Wakishaiona, hudhani kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Katika Afrika Mashariki na Kongo ya mashariki kuna zaidi ya aina moja ya hua wenye alama nyeusi shingoni, na alama hiyo peke yake haiwatenganishi. Kinachowatenganisha ni mkia kwanza, halafu jicho, kisha ukubwa. Shingo huja kusaidia tu, na hata hapo kwa masharti.

Kwa nini jina la njiwa lina uzito

Tangu Oktoba 2014 raia wengi wameuawa katika eneo la Beni kwenye mashambulizi yanayohusishwa na waasi wa ADF, na Mei 2021 serikali mjini Kinshasa iliweka mikoa ya Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura. Kwa mtu anayefuatilia ndege, maana yake ni kwamba msitu na mashamba ya mbali si mahali pa kwenda na darubini asubuhi. Kinachobaki salama zaidi ni mji wenyewe: ua wa nyumba, uwanja wa shule, barabara ya sokoni.

Kwa hiyo picha za mjini hubeba uzito kuliko zinavyoonekana. Njiwa na hua hufuata mazingira. Wapo wanaopenda nyika kavu na wazi, wapo wa nyanda za baridi, na wapo wanaostawi palipo na miti mikubwa iliyochanganyika na mashamba na nyumba. Mji ulio kando ya msitu, kama Beni, ukianza kupata hua wa nyika, hiyo ni habari kuhusu ardhi inayouzunguka. Ikiwa hua huyo wa nyika ni jina lililoandikwa kimakosa, ramani itaonyesha badiliko ambalo halikutokea, na atakayekuja miaka kumi baadaye hatakuwa na njia ya kujua.

Anza kwa kuwatoa wasio na kola

Hatua ya kwanza ni rahisi. Njiwa wa kufugwa, pamoja na wale waliotoroka vibandani na kuzaliana juu ya majengo, hana kola hata kidogo. Shingo yake hung'aa kijani na zambarau kama mafuta juu ya maji. Juu ya mdomo ana uvimbe mdogo mweupe, na yule mwenye rangi ya asili ya kijivu ana mistari miwili myeusi inayokata bawa. Kwa kuwa watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka, hutokea pia mweupe, mweusi, wa kahawia au mwenye mabaka. Njiwa wawili wasiofanana rangi wakitembea pamoja juu ya paa moja, mara nyingi ni hao.

Huyu ndiye anayeleta mkanganyiko wa kwanza wa jicho, kwa sababu njiwa wa kufugwa aliyekomaa ana jicho la rangi ya chungwa au jekundu. Anayejua tu kwamba mjini kuna hua mwenye jicho jekundu anaweza kumpa huyu jina hilo. Aangalie bawa. Hua wenye kola wana bawa la rangi moja ya kijivu na kahawia, lisilo na mistari.

Mwingine asiye na kola ni tetere mdogo mwenye mkia mrefu, anayeonekana katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Alama yake iko mbele, si nyuma: madoadoa meusi juu ya rangi ya shaba, yaliyotanda kifuani chini ya koo kama shanga. Bawa lake lina eneo la bluu-kijivu. Picha iliyompata kwa mbele huonyesha shanga hizo vizuri. Iliyompata kwa nyuma humwonyesha akiwa na shingo tupu, na hilo linatosha kumtenga na wenye kola.

Wa tatu ni pugi, hua mdogo wa vichakani, mwenye sentimita 20 hivi, ambaye hutembea chini kwenye kivuli cha migomba au kakao. Ana madoa machache yanayong'aa kwenye bawa, na akiruka bawa lake huonyesha rangi ya kahawia nyekundu. Naye hana kola. Wakishatengwa hao watatu, linabaki kundi lenye utata wenyewe.

Wanne wenye alama nyeusi

Wa kwanza ndiye anayetarajiwa zaidi katika miji yote miwili. Ni hua mkubwa, wa sentimita 30 hadi 34, mwenye kichwa cha kijivu kinachofifia kuelekea weupe kwenye paji la uso, na kifua chenye wekundu wa divai. Hupenda miti mikubwa, mikaratusi, bustani na mashamba yenye miti, yaani sura yenyewe ya vilima vya Butembo na viunga vya Beni. Kwenye kumbukumbu huandikwa Streptopelia semitorquata, jina lililotolewa na Mjerumani Eduard Rüppell mwaka 1837. Neno semitorquata ni la Kilatini na linamaanisha mwenye nusu-kola. Hapa ataitwa hua jicho-jekundu.

Wa pili ni mdogo kuliko huyo, sentimita 25 hadi 28, mwenye rangi nyepesi zaidi na jicho jeusi. Ni ndege wa nyika na savana, Streptopelia capicola, na hapa ataitwa hua wa savana.

Wa tatu, Streptopelia decipiens, anakaribia ukubwa wa wa kwanza: sentimita 28 hadi 31. Hupenda uwanda mkavu wenye migunga, mara nyingi karibu na maji. Jicho lake ni la njano au chungwa hafifu, limezungukwa na ngozi nyekundu. Waliompa jina hawakukosea, kwani decipiens maana yake ni mwenye kudanganya.

Wa nne ni wa nyanda za juu zenye baridi, Streptopelia lugens, mwenye rangi nzito ya kijivu iliyoiva na manyoya ya bawa yenye kingo za kahawia nyekundu. Huyu hana kola hasa. Ana baka jeusi kila upande wa shingo, na mabaka hayo mawili hayakutani nyuma. Butembo, iliyo kwenye kimo cha takriban mita 1,750, ni mahali pa kumkumbuka kuliko Beni iliyo chini zaidi.

Mkia: weupe upo au haupo?

Swali moja linaupunguza utata huu kwa zaidi ya nusu: je, mkia una weupe?

Hua wa savana ana pembe nyeupe mkiani. Anapotua au kuruka, mkia hufunguka kama upepo wa kujipepea, na weupe huonekana pande zote mbili, ukishuka hata kwenye kingo za nje. Hua mwenye jicho la njano naye ana ncha nyeupe. Hua jicho-jekundu hana weupe. Mkia wake ukifunguka huonyesha hatua tatu: kijivu-kahawia karibu na kiuno, kisha utepe mweusi uliofifia katikati, halafu ncha pana ya kijivu hafifu, rangi ya majivu yaliyopoa. Yule wa nyanda za juu ana mkia wa giza wenye pembe za kijivu, nao hauna weupe wa wazi.

Tatizo ni kwamba ndege aliyetulia hufunga mkia. Manyoya ya kati hufunika ya pembeni, na weupe wote hujificha. Picha nyingi za mjini ni za ndege aliyetulia, kwa sababu ndiye anayepigika kwa simu. Ndiyo maana picha moja ya hua aliyekaa waya wa umeme, hata ikiwa safi kiasi gani, inaweza kukosa alama muhimu kuliko zote.

Kumpiga akiwa juu ya waya, kwa chini, huleta mtego mwingine. Kwa upande wa chini, mkia wa hua jicho-jekundu una mwanzo mweusi na nusu ya mwisho iliyo hafifu. Nyuma yake kuna anga. Simu inapojaribu kumtoa ndege gizani huongeza mwanga wa picha nzima, na kijivu hafifu hugeuka kuwa cheupe. Mtazamaji huona mkia mweusi wenye ncha nyeupe, kisha huandika hua wa savana.

Njia ya kulipima hilo imo katika picha yenyewe. Tafuta kitu kinachojulikana kuwa na rangi ya kijivu, kama nguzo ya saruji au bati kuukuu. Ikiwa nacho kimegeuka cheupe, weupe wa mkia hauaminiki. Dawa bora ni video. Sekunde kumi za video ya ndege anayekaribia kuruka hutoa picha kadhaa za mkia uliofunguka, na moja iliyo na ukungu kidogo yenye mkia wazi ina thamani kuliko tano safi zenye mkia uliofungwa.

Jicho lina sehemu mbili

Watu wakisema jicho jekundu, mara nyingi wanachanganya vitu viwili. Kuna duara la rangi linalozunguka mboni, na kuna ngozi tupu inayolizunguka jicho lote kwa nje. Kwa mbali na kwa kamera ya simu, vitu hivyo huungana kuwa doa moja.

Hua jicho-jekundu ana duara la rangi ya chungwa hadi jekundu, na ngozi nyembamba ya wekundu uliokolea. Hua decipiens ana duara hafifu la njano au chungwa ndani ya ngozi nyekundu. Katika picha mbaya wote wawili wanaweza kuonekana na wekundu jichoni, lakini wa pili, picha ikikuzwa, huonyesha kitu kama nukta nyeusi ndani ya pete yenye mwanga. Huo mwanga ndio wa kutafuta.

Hua wa savana ana jicho jeusi lisilo na pete inayoonekana. Na hapa lipo kosa kubwa la picha za mjini. Wekundu uliokolea kwenye kivuli hupigwa picha kama weusi. Hua jicho-jekundu aliyekaa chini ya majani ya mkaratusi, au mwenye jua mgongoni, hutoka na jicho jeusi kabisa. Kwa hiyo jicho hutoa ushahidi wa upande mmoja tu. Likionekana jekundu katika mwanga wa jua, hua wa savana ameondoka. Likionekana jeusi, hakuna aliyeondoka isipokuwa yule mwenye pete ya njano.

Rangi ya jicho ilikuwa na shida tangu kabla ya kamera. Wakati Herbert Lang na James Chapin walipokusanya ndege kaskazini-mashariki mwa Kongo kati ya 1909 na 1915 kwa ajili ya jumba la makumbusho la mjini New York, ndege walihifadhiwa kama ngozi zilizokaushwa. Jicho halihifadhiki katika ngozi ya namna hiyo; mahali pake huwekwa pamba. Ndiyo maana wakusanyaji wa ndege huandika rangi ya jicho kwenye kijitambulisho kinachofungwa mguuni, ndege akiwa bado hajapoa, la sivyo alama hiyo hupotea. Mpiga picha wa leo anaweza kufanya jambo hilohilo. Akiona kwa macho yake kwamba jicho ni jekundu, aliandike papo hapo, kwa sababu huenda picha isiliseme.

Shingo inavyobadilika

Kola ya hua si mkufu uliochorwa. Ni manyoya meusi nyuma ya shingo, na umbo lake hubadilika kila ndege anapobadilisha mkao. Akiinama kula, shingo hunyooka na kola huwa pana. Akijikunyata kwa baridi ya asubuhi, manyoya ya kichwa hushuka juu yake na hubaki mstari mwembamba tu. Akitazama kamera kwa mbele, kola haionekani kabisa, na picha ya mbele haiwezi kuthibitisha kwamba hana.

Kwa picha ya ubavuni, nusu-kola inayozunguka nyuma na baka la upande mmoja huonekana sawa. Mtu wa Butembo anayejiuliza kama amempata hua wa nyanda za juu anahitaji picha ya mgongoni. Ikiwa weusi unapita nyuma ya shingo bila kukatika, ni kola. Ikiwa katikati kuna kijivu kinachotenganisha mabaka mawili, huyo ni wa nyanda za juu, na kingo za kahawia nyekundu kwenye bawa zitathibitisha.

Makinda nayo yana lao. Hua aliyetoka kiotoni karibuni huwa na kola iliyofifia au asiwe nayo, jicho lake ni la kahawia, na manyoya yake yana kingo hafifu zinazompa sura ya magamba. Anaweza kuonekana kama aina mpya kabisa. Kabla ya kumpa jina la ajabu, tazama ndege wazima walio karibu naye.

Bati kama rula

Ukubwa ni vigumu kuupima pichani, lakini miji hii ina rula kila mahali. Mabati mengi ya kawaida ya migongo ya duara yana umbali wa milimita 76 kutoka kilele cha mgongo mmoja hadi kingine. Hua anayesimama kukata migongo hiyo, ubavu wake ukielekea kamera, anaweza kuhesabiwa.

Hua jicho-jekundu mwenye sentimita 32 hufunika migongo minne na zaidi kidogo, kwa kuwa minne ni sentimita 30.4. Hua wa savana mwenye sentimita 26 hufunika mitatu na karibu nusu. Tofauti hiyo huonekana hata kwa picha yenye ukungu.

Lakini vipimo vya vitabuni huchukuliwa ndege akiwa amelazwa na kunyooshwa, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Ndege hai hujikunja, na akigeuka kidogo tu kutoka ubavuni, urefu wake pichani hupungua. Makosa yote hayo humfanya aonekane mfupi, si mrefu. Kwa hiyo hesabu ya migongo minne au zaidi ni ushahidi mzuri kwamba ndege ni mkubwa, lakini hesabu ya mitatu na nusu haithibitishi kwamba ni mdogo. Tena ukubwa haumtengi hua decipiens, ambaye vipimo vyake vinaingiliana na vya hua jicho-jekundu. Huyo huachiwa mkia na jicho.

Mfano wa picha mbili

Chukua picha kama inayoweza kupigwa asubuhi yoyote katika komini ya Kimemi, Butembo. Hua amesimama ukingoni mwa paa, ubavu umeelekea kamera, jua liko nyuma yake. Shingoni ana alama nyeusi. Bawa ni la rangi moja. Jicho ni jeusi. Mkia umefungwa.

Bawa lisilo na mistari na alama ya shingoni vinamtoa njiwa wa kufugwa, tetere na pugi. Jicho jeusi halimtoi hua jicho-jekundu, kwa sababu jua liko nyuma. Linapunguza uwezekano wa decipiens tu, ambaye pete yake ya mwanga ingetarajiwa kuonekana. Migongo ya bati chini yake inahesabika minne na robo, yaani sentimita 32 hivi, jambo linalomtoa hua wa savana kwa uhakika mzuri. Lakini picha ni ya ubavuni, kwa hiyo hua wa nyanda za juu bado yumo.

Mtu akiwa na picha hii peke yake, jina la haki la kuandika kwenye eBird ni Streptopelia sp., yaani hua wa kundi hili asiyetambuliwa zaidi. Hiyo ni rekodi kamili na ya kweli.

Sasa tuseme sekunde tatu baadaye ndege aligeuka na kuruka, na video ikamshika. Kwenye fremu moja mgongo unaonekana: weusi unapita nyuma ya shingo bila kukatika. Kwenye nyingine mkia umefunguka: utepe wa giza katikati, ncha pana ya kijivu, hakuna nyeupe. Bati jirani limebaki kijivu, kwa hiyo mwanga haujadanganya. Kola iliyokamilika imemtoa wa nyanda za juu, na mkia umewatoa wa savana na decipiens kwa mara ya pili. Anabaki hua jicho-jekundu, ingawa hakuna aliyeliona jicho lake likiwa jekundu.

Kama ndege huyo angeimba, simu ingeweza kumaliza ubishi mapema. Hua jicho-jekundu huimba kwa mapigo sita, mawili ya polepole kisha manne yanayofuatana, na kurudia. Hua wa savana hurudia mapigo matatu, bila kuchoka.

"Beni" ni wapi?

Picha ikishapewa jina, bado kuna kosa moja linaloweza kuiharibu, nalo ni mahali. Beni ni jina la mji, na pia ni jina la teritwari kubwa inayouzunguka. Kasindi, mpakani na Uganda, iko ndani ya teritwari hiyo, kiasi cha kilomita 80 kutoka mjini kwa barabara. Huko chini ni uwanda wa joto unaoelekea Ziwa Edward, lililo kwenye kimo cha mita 900 hivi. Ng'ambo ya mpaka, katika savana ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, hua wa savana ni ndege wa kawaida.

Dereva anayempiga picha hua wa savana akiwa Kasindi na kuandika "Beni" amesema kweli kwa mujibu wa utawala, lakini ramani itamweka ndege huyo kwenye mji ulio kando ya msitu. Hivyo ndivyo mabadiliko ya kubuni huzaliwa bila mtu yeyote kusema uongo.

WhatsApp huongeza tatizo hilo. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na hupoteza taarifa za mahali ilipopigwa. Anayeipokea Butembo hana njia ya kujua kama ilipigwa Butembo, Beni au Kasindi. Ikitumwa kama faili, si kama picha, ubora wake na taarifa zake hubaki. Na hata hivyo, ni vyema mpigaji aandike mwenyewe mtaa, saa na tarehe.

Tahadhari nyingine ni ya usalama. Waya wa umeme wenye hua unaweza kupita mbele ya kambi, kizuizi cha barabarani au ofisi ya serikali. Katika miji iliyo chini ya utawala wa kijeshi, simu iliyoelekezwa huko haieleweki kama inatafuta ndege. Hua yuleyule atapatikana uani kwa jirani.

Rekodi nzuri kutoka kwenye ua huo haihitaji maneno mengi. Mtaa, tarehe, saa, na mstari mmoja unaosema ni alama gani zilizoonekana kweli na zipi hazikuonekana: mkia ulifunguka au la, mgongo ulionekana au la, jicho lilikuwa juani au kivulini. Mwingine akija kuisoma miaka mingi baadaye ataweza kulikubali jina hilo au kulikataa, na kwa vyovyote atakuwa na sababu.